Swali la Tano na Wasichana wa Kashasha

Mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya kata wilayani Muleba alihitaji swali la takwimu kwa ajili ya mtihani wa muhula wa kidato cha tatu. Alikuwa mwenyeji wa Dodoma, ndiyo kwanza anaingia mwaka wa pili mkoani Kagera. Katika daftari lake la chuoni alikuwa na jedwali la mlipuko mmoja wa maradhi wa zamani, ambalo mhadhiri wake alilitumia kuwafundisha namna ya kutafuta chanzo cha ugonjwa. Jedwali halikuwa na jina la mahali. Lilisema tu "shule ya bweni ya wasichana" na "kijiji cha P". Mwalimu alilinakili jinsi lilivyo, akaongeza vipengele vitatu, akalifanya swali la tano.

Mwalimu huyu nimemtunga, na darasa lake pia. Mlipuko wenyewe haukutungwa. Ulitokea mwaka 1962 katika vijiji hivyo hivyo vya Muleba, na kila namba iliyo kwenye swali lake imetoka katika taarifa ya kitabibu ya kurasa nne iliyochapishwa mwaka 1963 na A. M. Rankin na P. J. Philip, madaktari waliouchunguza. Hata wazee watakaosema humu ndani nimewapa maneno yale tu ambayo madaktari hao waliyakuta kwa wagonjwa na kwa majirani zao.

Swali lilikuwa hivi. Shule ya bweni ina wasichana 159 wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Tarehe 30 Januari wasichana watatu wanaanza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 wamekwisha kuugua. Hakuna mwenye homa, hakuna aliyepoteza fahamu, hakuna aliyekufa. Walimu watano wote ni wazima. Mwezi Aprili na Mei, ugonjwa unatokea katika kijiji cha P, ambako watu 217 wanaugua kati ya wakazi wapatao 10,000. Tarehe 21 Mei shule inafunguliwa, na wasichana 57 wanaugua tena. Kipengele cha kwanza: tafuta asilimia ya walioathirika shuleni na kijijini. Cha pili: je, hiki ni chakula chenye sumu, ni kirusi, au ni kitu kingine? Toa sababu. Cha tatu: ungekuwa mganga mkuu wa wilaya, ungefunga shule?

Mwongozo wa kusahihisha aliuandika usiku uleule. Kipengele cha kwanza hakikuwa na ubishi: 95 kwa 159 ni karibu asilimia 60, na 217 kwa 10,000 ni asilimia 2 na kidogo. Kipengele cha tatu alikipa alama tatu kwa jibu moja: ndiyo, shule ifungwe, wanafunzi warudi makwao, maambukizi yakatike.

Alipofika karatasi ya kumi na kitu, alikuta jibu ambalo mwongozo wake haukulitegemea. Msichana mmoja alikuwa ameandika: "Nisingefunga shule. Wasichana walipopelekwa nyumbani ndipo ugonjwa ulipoanza Nshamba."

Mwalimu alisoma mara ya pili. Kwenye swali lake Nshamba haimo. Nshamba ilikuwa mji mdogo anaoupita kila anapotoka mjini Muleba, penye soko na maduka. Aliweka kalamu nyekundu pembeni, na asubuhi akamwita msichana nje ya ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nshamba umeitoa wapi? Kwenye swali haikuwemo."

"Ni ile shule ya Kashasha, mwalimu. Bibi hutusimulia. Dada yake alisoma pale, akarudishwa nyumbani." Akasita kidogo. "Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana umetuuliza."

Kashasha ni kijiji kilichokuwa chini ya Bukoba wakati huo, yapata kilomita 40 kutoka Bukoba mjini. Palikuwa na shule ya kati ya wasichana iliyoendeshwa na wamisionari. Shule za kati zilichukua watoto kuanzia darasa la tano hadi la nane, na mtihani wa darasa la nane ulikuwa mlango mwembamba mno: nafasi za sekondari kwa nchi nzima zilikuwa chache, na kwa wasichana zilikuwa chache zaidi. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wasichana watatu wa kwanza walishikwa wiki saba baadaye.

Kilichowashika kilikuja kwa ghafla. Msichana alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, na hali hiyo ikadumu kwa dakika chache au kwa saa kadhaa. Kisha alitulia. Baada ya muda kilimrudia. Wengi walipata mashambulio kati ya mara moja na mara nne, na maradhi kwa mtu mmoja yalichukua kwa wastani siku saba, yaliyozidi sana siku kumi na sita. Katikati ya mashambulio msichana hakuweza kutulia. Aliyejaribu kumshika kwa nguvu alipambana naye. Wengine waliwaambia madaktari kwamba wanahisi vitu vinatembea kichwani, na kwamba kuna mtu anawakimbiza kwa nyuma.

Jambo hilo la mwisho nalisisitiza, kwa sababu ndilo linalopotea kila kisa hiki kinaposimuliwa mbali na Kagera. Mtoto anayesema kuna mtu anamfuata hachekeshwi na kitu. Anaogopa.

Siku ya kurudisha karatasi mwalimu hakufanya masahihisho ya kawaida. Aliandika ubaoni "Kashasha 1962", akauliza nani amewahi kusikia. Mikono mitatu ilinyanyuka katika darasa la watoto zaidi ya hamsini, na yote mitatu ilikuwa ya watoto wanaolelewa na bibi zao. Wengine walizaliwa na kukulia mwendo wa baiskeli kutoka mahali hapo na walikuwa hawajui lolote. Aliwapa kazi: kila mmoja akaulize nyumbani mwake, kisha kipengele cha pili kijibiwe upya, darasa zima kwa pamoja.

Walirudi na mengi. Mzee mmoja aliuita ugonjwa huo enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka, na jina hilo ndilo waliloliandika Rankin na Philip. Mwingine alisema ni akajanja, yaani wazimu, ambao ulikuwa ukitembea kutoka nyumba hadi nyumba. Babu wa mvulana mmoja alisema hewa ilikuwa imeharibiwa na mabomu ya atomiki. Darasa lilicheka, na mwalimu akalinyamazisha. Babu huyo alikuwa na sababu zake. Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia huko Algeria, katika jangwa la Sahara, ndani ya bara letu hili. Oktoba 1961 Urusi ya Kisovieti ililipua bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa duniani. Redio zilitangaza habari za vumbi la sumu linalosafiri na upepo. Mwanakijiji aliyesikia hayo, kisha miezi michache baadaye akaona watoto wa jirani wakicheka na kulia bila sababu, aliunganisha mambo mawili yaliyokuwapo kweli. Kosa lake ni kwamba upepo hauchagui. Kama hewa ndiyo iliyoharibika, isingepita kwenye nyumba ya mwalimu ikamwacha na kuingia bwenini.

Hapo darasa lilianza kufanya kazi ya mpelelezi wa maradhi, na naomba msomaji afuatane nalo taratibu, maana huu ndio moyo wa swali la tano.

Wengi walikuwa wamejibu kwamba si chakula kwa kuwa walimu hawakuugua. Mwalimu aliwapa alama mwanzoni, lakini mvulana mmoja aliyekaa nyuma aliuvunja utetezi huo kwa sentensi moja: walimu hawali chakula cha bweni. Wana majiko yao. Kwa hiyo uzima wa walimu hausemi lolote kuhusu unga wa jikoni. Mwalimu alikubali, na darasa likatafuta sababu iliyo imara zaidi.

Sababu hiyo imo katika tarehe. Chakula chenye sumu huwaangusha watu kwa pamoja. Wanakula jioni, usiku wanaugua, kesho yake idadi imefika kileleni, na keshokutwa inashuka. Ukichora wagonjwa wa kila siku kwenye karatasi ya grafu unapata mlima mmoja mkali. Kashasha ilianza na wasichana watatu, na ilichukua majuma saba kufika 95. Huo ni mwendo wa kitu kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Madaktari waliona vilevile kwamba kila aliyeugua alikuwa amekutana karibuni na mtu mwenye ugonjwa. Tena watu 217 wa kijiji cha P, yaani Nshamba, hawakuwahi kula ugali wa shule iliyo mbali nao.

Bado kulikuwa na sumu moja iliyostahili kufikiriwa kwa makini, nayo ni ya mnanaha. Ni mmea wa magugu unaoota majalalani na kandokando ya mashamba, wenye maua meupe kama tarumbeta na tunda la miiba. Mbegu zake zikichanganyika na nafaka humfanya mlaji aweweseke, acheke ovyo, aone visivyokuwapo, na mboni za macho yake hupanuka sana. Madaktari wa Bukoba walipowapima wasichana waliona mboni zao mara nyingi zimepanuka kuliko za watu wazima wa afya. Hapa mpelelezi mwenye haraka angefunga jalada. Lakini walifanya jambo dogo ambalo daktari yeyote hulifanya kwa kurunzi: walimulika jicho. Mboni zilisinyaa kama kawaida. Aliyelishwa mnanaha mboni yake hubaki wazi hata ukimmulika, kwa kuwa sumu ile huzuia msuli unaoikaza. Mboni iliyopanuka lakini bado inaitikia mwanga ni ya mtu ambaye mwili wake umejaa homoni ya hofu. Kipimo cha sekunde mbili kiliondoa sumu na kuacha woga.

Kilichobaki kilikuwa kirusi. Vipo virusi vinavyoshambulia ubongo na kubadili tabia ya mtu, na mlipuko unaotoka kwa mtu kwenda kwa mtu unaweza kufanana navyo. Virusi vya namna hiyo huacha alama: homa, shingo kukakamaa, degedege, usingizi mzito, na mara nyingi vifo. Madaktari walichukua damu na maji ya uti wa mgongo, vikapimwa, na havikuonyesha ugonjwa. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyebaki na kilema. Walichokiona zaidi ya mboni ni kwamba miguu ya wagonjwa iliruka kupita kawaida daktari alipogonga mshipa wa goti, ishara nyingine ya mwili ulio katika tahadhari.

Kwa hiyo jibu la kipengele cha pili ni kitu kingine, na kitu hicho ndicho kinachoitwa histeria ya kundi. Neno hilo limezoeleka kutamkwa kama tusi, kana kwamba watoto wanaigiza. Hawaigizi. Mtu aliyebanwa muda mrefu na hali asiyoweza kuikimbia wala kuilalamikia, mwili wake hutafuta njia yake mwenyewe ya kutoka. Akiwa miongoni mwa wenzake wanaolala chumba kimoja, wanaokula meza moja na kubanwa na jambo lilelile, dalili za wa kwanza huwafungulia wengine mlango. Daktari wa akili wa Uingereza, Simon Wessely, aliandika mwaka 1987 kwamba milipuko hii iko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya fadhaa ya ghafla: harufu ngeni darasani, watoto wanazimia, kesho yake yamekwisha. Ya pili hujijenga polepole, hudumu majuma au miezi, huja na vicheko, mitetemeko au miguu kukosa nguvu, na huota mahali ambapo msongo ulikuwapo tangu zamani. Kashasha ni ya aina ya pili bila shaka.

Christian Hempelmann, mtafiti wa lugha na vichekesho aliyekirudia kisa hiki mwaka 2007, alifikia uamuzi ambao bibi wa Muleba hahitaji kuambiwa: kicheko kile hakikuhusiana na furaha wala kichekesho chochote. Kilikuwa dalili mojawapo tu kati ya nyingi. Kama wasichana wale wangetokwa na vipele, dunia isingewakumbuka.

Sasa turudi kwenye jibu lililoanzisha yote, lile la kutofunga shule, kwa kuwa ndilo lililomsumbua mwalimu hadi akauchana mwongozo wake.

Shule ya Kashasha ilifungwa tarehe 18 Machi kwa nia njema kabisa. Wasichana walirudishwa makwao, na baadhi yao kwao kulikuwa Nshamba, yapata kilomita 88 kutoka Bukoba. Aprili na Mei Nshamba ikapata wagonjwa 217, wengi wao vijana wa jinsia zote na watoto wa shule. Shule ilipofunguliwa tena Mei, wakaugua 57, na mwishoni mwa Juni ikafungwa mara ya pili. Juni hiyohiyo ugonjwa ukaingia shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba mjini, ukawapata 48 kati ya 154, karibu asilimia 31. Nayo ikafungwa. Msichana mmoja aliyerudishwa nyumbani kutoka huko aliufikisha kijiji cha Kanyangereka, kwanza kwa ndugu zake wa nyumba moja, kisha kwa majirani, na shule mbili za wavulana za jirani zikalazimika kufungwa.

Ukiziweka tarehe hizo kwa mstari mmoja unaona kila kufunga kukifuatiwa na mlipuko mpya mahali walipopelekwa watoto. Kwa kirusi, kuwatawanya watoto kungepunguza mgusano. Kwa maradhi yanayosafiri kwa macho na masikio, kumtoa mtoto aliye katikati ya mashambulio na kumkabidhi kwa kijiji kizima kilichokusanyika kumtazama ni kumpa ugonjwa watazamaji wapya. Sisemi kwamba mganga wa wilaya alikosea kwa uzembe. Machi 1962 hakuwa na majibu ya maabara, na kama kingekuwa kirusi cha ubongo, kufunga shule kungeokoa maisha. Lakini mwongozo wa mwalimu ulitoa alama tatu kwa "ndiyo" na sifuri kwa "hapana", wakati ushahidi uliomo ndani ya swali lenyewe, ukisomwa kwa utulivu, ulielekea kwa yule msichana.

Wataalamu wa leo hufanya hivi. Vipimo vya msingi hufanywa haraka ili sumu na maambukizi viondolewe kwenye orodha, kisha majibu huelezwa waziwazi kwa wanafunzi na wazazi siku hiyohiyo, kwa kuwa ukimya hulisha uvumi. Aliyeshikwa hutolewa mbele ya macho ya wenzake na kukaa mahali palipotulia na mtu mmoja anayemwamini, bila umati na bila kushikwa kwa nguvu. Wagonjwa hawakusanywi chumba kimoja. Na juu ya yote, mtu huuliza nini kimewabana: adhabu, njaa, mtihani, mtu mzima anayewatisha. Huko ndiko tiba iliko, na ndiko viongozi wa shule wasikopenda kutazama.

Mwalimu alirekebisha alama za darasa zima. Alitoa pia kosa alilokuwa amelifanya kwenye kipengele cha kwanza bila kujua, pale alipotegemea wanafunzi watafute asilimia ya wale 57 kwa kuwagawa kwa 159. Swali halikusema ni wasichana wangapi waliorudi tarehe 21 Mei. Mzazi aliyeona hali ya Machi huenda alimzuia binti yake. Bila idadi ya waliorudi, asilimia hiyo haikokotolewi, na mwanafunzi aliyeacha nafasi wazi hapo alikuwa sahihi kuliko aliyeandika 35.8.

Kisha wakazungumzia jinsi kisa hiki kinavyosimuliwa ulimwenguni. Katika vitabu na vipindi vya kigeni kimekuwa kioja: watu wa Tanganyika waliocheka mwaka mmoja na nusu bila kupumzika. Husemwa kwamba kilianza na utani wa darasani. Taarifa ya 1963 haina utani wowote. Miezi hiyo mingi inayotajwa ni muda ambao mlipuko ulizunguka kutoka kijiji hadi kijiji, si muda wa kicheko cha mtu. Mtu mmoja alishikwa kwa dakika au saa, akapona ndani ya siku kumi na sita. Idadi ya shule 14 na watu elfu moja, inayorudiwa sana, ni ya masimulizi ya baadaye. Zilizoandikwa na madaktari waliokuwapo ni zile alizozitumia mwalimu. Msichana wa karatasi ya kumi na kitu aliuliza swali ambalo halikuwa na alama: kwa nini habari ya kwao ijulikane Ulaya kama kichekesho, na kwao isijulikane kabisa? Wenzake hawakumjibu, ila mmoja alisema bibi yake hakutaka kuongea mpaka alipoahidiwa kwamba hatachekwa.

Nadhani jibu limo katika ahadi hiyo. Ugonjwa uliopewa jina la wazimu huacha aibu katika ukoo. Msichana wa 1962 aliyekuwa anakaribia kuolewa hakuwa na sababu ya kutangaza kwamba alikuwa miongoni mwa wale 95. Ukoo ukanyamaza, kijiji kikanyamaza, na kurasa nne za kitabibu zikabaki katika jarida lililochapishwa Salisbury, Harare ya leo, ambako hakuna mtoto wa Nshamba angeziona.

Hasara ya ukimya huo si ya historia peke yake. Shule za wasichana za Afrika Mashariki hazijaacha kupata milipuko ya namna hii. Kila baada ya muda tunasikia wanafunzi wanaanguka, wanapiga kelele, wanalia, na kinachofuata ni maombi, waganga, kufungwa kwa shule, na watoto kuambiwa ama wana mapepo ama wanajifanya. Oktoba 2023 huko Eregi, kaunti ya Kakamega nchini Kenya, wasichana zaidi ya 90 wa shule moja walipelekwa hospitali wakisema miguu imekosa nguvu, na picha zao zikasambaa kwenye simu za nchi nzima kabla madaktari hawajamaliza kupima. Mwaka 1962 ugonjwa ulihitaji msichana asafiri kilomita kadhaa ili uonekane na wengine. Sasa hauhitaji hata basi.

Waliokuwa na umri wa miaka 12 hadi 18 katika mabweni ya Kashasha walizaliwa kati ya mwaka 1943 na 1950. Baadhi yao bado wako hai, Muleba, Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam. Kama ndani ya ukoo wenu yupo aliyesoma shule za kati za Bukoba miaka ile, kaa naye, mwahidi kwamba hatachekwa, mwulize alichokiogopa, na uyaandike maneno yake akiwa bado anaweza kuyasema.